Saini 23 kabla ya saa mbili asubuhi

Nimekaa idara ya utumishi hapa Dar miaka ya kutosha, na nikiona fomu imeandikwa "Mimi nathibitisha nimesoma na kuelewa sera zote za kampuni na nakubaliana nazo" huwa nacheka kidogo, maana najua siku ya kesi haitamsaidia mtu. Sera zote zipi? Za mwaka gani?

Ngoja niwape mkasa. Kampuni fulani ya kusambaza vinywaji niliyowahi kufanya kazi, watu wa mauzo walikuwa wanapokea hela ya wateja kwenye simu zao halafu jioni wanawasilisha. Bosi akachoka, akatoa sera mpya, malipo yote yaende Lipa Namba ya kampuni. Sera kurasa sita za Kiingereza, fomu ya saini imebanwa nyuma, ikawekwa mapokezi asubuhi magari yakiwa yanasubiri kutoka. Saini 23 kabla ya saa mbili, tukaona kazi imeisha. Miezi miwili mbele kijana mmoja akapokea laki tatu na nusu kwenye namba yake, jioni akawasilisha yote, akafukuzwa hivyohivyo. Akaenda CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, ndani ya zile siku 30 za kupeleka malalamiko ya kuachishwa, na hoja yake ilikuwa fupi tu, mimi nilielewa kosa ni kukaa na hela, sio kuipokea. Tukaitoa fomu kwa mbwembwe, tukaisoma, haina neno hata moja la kumpinga. Ikaishia kulipana kwenye usuluhishi.

Watu wanasahau kwamba kwa Tanzania mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba kuachisha kulikuwa halali. Zile kanuni za utendaji bora za 2007, zilizotungwa chini ya sheria ya ajira, zinauliza, pamoja na mengine, kama sheria ya kazini ilikuwa wazi na kama mfanyakazi aliijua au ilitegemewa aijue. Kwa hiyo fomu ni ushahidi wa kitu kimoja, kwamba huyu mtu alijua hiki hapa, na ndio maana hicho "hiki hapa" lazima kiandikwe kwenye fomu yenyewe.

Ingekuwa leo ningeandika hivi: "Nimesoma, au nimesomewa kwa Kiswahili, Kanuni ya Malipo ya Wateja, toleo la 1, kurasa 2, inayoanza kutumika tarehe 1 Septemba. Nimepewa nakala yangu. Nimeelewa kwamba sitapokea malipo ya mteja kwenye simu yangu hata kama nitayawasilisha siku hiyohiyo. Mteja akituma kwa makosa, nitamwambia msimamizi siku hiyohiyo kabla ya kuihamisha hela hiyo. Nimeelewa kwamba kukiuka kunaweza kunifikisha kwenye kikao cha nidhamu." Hilo neno "hata kama" ndio moyo wa fomu nzima, kwa sababu linafunga ule mlango ambao kila mtu alikuwa anautumia.

Chini yake weka swali moja la kujibu kwa mwandiko wako: mteja anasema Lipa Namba inamgomea na anataka akutumie wewe, utafanyaje? Mistari miwili inatosha. Majibu yakirudi yote yanafanana mpaka makosa ya herufi, jua wamenakili kwa mmoja, ita kikao uanze upya. Na akijibu vibaya usimchukulie saini yake kwanza, mweleze, kwa sababu ukiifaili hivyo umejitengenezea ushahidi kwamba hakuelewa na wewe ulijua.

Neno "nakubaliana" mimi nalitoa kabisa. Mtu anaweza kuelewa kanuni na bado asiipende, na ukimlazimisha aandike anakubali ndio unapata wale wanaogoma kusaini. Akigoma usimtishie bana, andika "amepewa nakala na kuelezwa, hakusaini", shahidi asaini na tarehe, yatosha.

Halafu kuna ujanja wa kuchomeka mstari wa mwisho, "nakubali kukatwa mshahara kwa hasara yoyote". Acha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaruhusu makato ya hasara kwa masharti yake, kuna makubaliano ya maandishi kuhusu deni, mtu anaelezwa kiasi na sababu, anapewa nafasi ya kupinga, na makato hayavuki robo ya ujira wake. Huwezi kuyamaliza hayo yote kwa mstari mmoja kabla hasara yenyewe haijatokea, na unaifanya fomu nzima inuke mtego.

Ila hata fomu nzuri ina mwisho wake. Pale kwetu, wiki ileile ya zile saini 23, meneja wa mauzo mwenyewe aliendelea kupokea kwa namba yake, kila mtu anaona, na zile kanuni zinauliza pia kama sheria inatumika sawa kwa wote. Yeye hakuwahi hata kupewa fomu asaini.