Ambapo "que" haitoshi: kuhusu "cuyo" na "el cual" katika Kihispania rasmi

"Kama que inaunganisha karibu kila sentensi ya Kihispania, ya nini kujisumbua na el cual na cuyo ninapoandika barua au ripoti?"

Wanaoitetea que wana hoja ya kweli. Neno hili halibadiliki kwa jinsia wala kwa idadi, linafaa kwa mtu na kwa kitu, na likitanguliwa na kihusishi pamoja na kibainishi (en la que, para los que) linafanya kazi nyingi ambazo zamani ziliachiwa el cual. Mtu akiandika "la empresa para la que trabajo", hakuna mhariri atakayemrudishia karatasi. Isitoshe, wapo waandishi wa nyaraka za kisheria na za kiofisi wanaofunga el cual tatu au nne katika sentensi moja wakidhani kwamba urefu ndio urasmi, na msomaji anapofika kwenye nukta amekwisha kusahau nani alimshitaki nani. Quien haina ugomvi mkubwa: ni ya watu, wingi wake ni quienes, na haiwezi kuwa kiima cha kishazi kinachobagua, yaani kisichotengwa kwa mkato. Kwa hiyo "los testigos que declararon" ni sahihi, "los testigos, quienes declararon" pia ni sahihi kwa sababu ya mkato, lakini "los testigos quienes declararon" ni kosa.

Hata hivyo, lawama hizo zinahusu matumizi mabaya ya el cual, nazo hazigusi kazi yake yenyewe. Tuchukue sentensi hii: "La hija del director, que vive en Valencia, firmó el contrato." Nani anaishi Valencia, binti au mkurugenzi? Que haisemi. Mwandishi akiandika la cual, ni binti. Akiandika el cual, ni mkurugenzi. Mzungumzaji wa Kiswahili analielewa jambo hili bila maelezo mengi, kwa kuwa "barua ya mkurugenzi ambayo" si sawa na "barua ya mkurugenzi ambaye", na tofauti yote imebebwa na upatanisho. Msaada huo una mpaka wake. Mkurugenzi akiwa na mtoto wa kiume, "el hijo del director, el cual vive en Valencia" inabaki na utata uleule, kama vile "binti wa mkurugenzi ambaye" inavyobaki na utata kwetu, na hapo dawa ni kuipanga sentensi upya.

Kuna pia mahali ambapo el cual ndiyo chaguo la kawaida na que husikika vibaya: baada ya vihusishi kama según, durante na mediante ("el plazo durante el cual"), na inapotajwa sehemu ya jumla ("doce solicitudes, tres de las cuales fueron rechazadas"). Lakini ufanani wake na amba- una mtego. Sisi husema "kitabu ambacho nilikinunua", na kalamu huvutika kuandika "el libro el cual compré". Hilo ni kosa. Katika kishazi kinachobagua, kisichotengwa kwa mkato, el cual hukubalika tu ikiwa imetanguliwa na kihusishi; pasipo kihusishi ni "el libro que compré".

Cuyo ndiyo inayodhulumiwa zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku imekuwa adimu, na mahali pake wengi husema que su: "un informe que sus recomendaciones fueron rechazadas". Wanasarufi wa Kihispania wameupa mtindo huo jina, quesuismo, na Chuo cha Kifalme cha Kihispania kinashauri uepukwe katika lugha ya kimaandishi. Anayeuona ushauri huo kuwa ukali wa bure anaweza kusema kwamba maana imefika, basi yatosha. Tena kwa Mswahili que su ni ya kujisikia nyumbani, kwa sababu ndivyo tunavyosema: ripoti ambayo mapendekezo yake yalikataliwa.

Tatizo ni kwamba que su si kosa kila mara, na hapo ndipo msomaji wa maandishi rasmi anapopotezwa. "La casa que su dueño vendió" ni Kihispania safi, maana que hapo ni yambwa: nyumba ndiyo iliyouzwa. "La casa que su dueño murió" haisimami, kwa kuwa nyumba haina kazi yoyote katika kitendo cha kufa. Yapasa kuwa "la casa cuyo dueño murió". Msomaji anayeanza kusoma "la casa que su dueño" hutarajia kusikia mwenye nyumba aliifanya nini nyumba hiyo. Akikuta kitenzi kisichoihusu, hulazimika kurudi nyuma. Cuyo inamwondolea safari hiyo tangu neno la kwanza, na katika mkataba au hukumu, ambapo kishazi huweza kuwa na maneno ishirini kabla ya kitenzi, hilo si jambo dogo.

Anayefikiri kwa Kiswahili ana kipimo ambacho vitabu vya Kihispania havimpi. Aitafsiri sentensi, kisha atazame kiambishi cha yambwa ndani ya kitenzi. "Nyumba ambayo mmiliki wake aliiuza": kiambishi -i- kinairudia nyumba, basi que su ni halali. "Nyumba ambayo mmiliki wake alifariki": hakuna kiambishi kama hicho, basi ni cuyo. Lazima kiambishi kipatane na nomino inayorejelewa, kwa maana katika "kampuni ambayo wabia wake walimshitaki mhasibu" kiambishi -m- ni cha mhasibu, si cha kampuni. Kwa hiyo ni "la empresa cuyos socios denunciaron al contador".

Hata upatanisho wa cuyo, unaowatesa wanafunzi wengi kwa kuwa haumfuati mwenye mali bali mali yenyewe, kwetu si mgeni. Katika "mapendekezo yake", ya- inafuata mapendekezo, wala haijali mwenye nayo ni ripoti au kamati. Ndivyo ilivyo katika "un informe cuyas recomendaciones": informe ni ya kiume na umoja, lakini cuyas ni ya kike na wingi kwa ajili ya recomendaciones. Kibainishi hakiingii katikati. "Cuyas las recomendaciones" ni kosa. Kihusishi nacho hutangulia: "la persona en cuyo nombre se firmó el contrato".

Wanaopendelea wepesi wako sahihi katika jambo moja ambalo watetezi wa cuyo husita kulikubali. Wapo wanaoitumia bila umiliki wowote, kama pambo: "compró dos terrenos, cuyos terrenos vendió después". Hapo cuyos haina cha kumilikiwa, na ilitosha kuandika "dos terrenos que vendió después". Mfano huo umebaki hai kihalali katika semi chache zilizoganda, hasa "en cuyo caso". Na sentensi ikihitaji cuyo ya pili ndani ya cuyo ya kwanza, ni heri kuikata: "La empresa presentó un informe cuyas recomendaciones fueron rechazadas. Su autor dimitió en marzo." Katika sentensi hiyo ya pili su ya kawaida inatosha kabisa, mradi inaeleweka kwamba aliyejiuzulu ni mwandishi wa ripoti.