Ukiandika morfini, andika na dawa ya choo

Daktari akimwandikia dawa ya maumivu ya tramadoli, kodeini au morfini mgonjwa asiyeweza kushuka kitandani, mstari unaofuata kwenye faili uwe wa dawa ya kulainisha choo. Siku hiyohiyo, kabla mgonjwa hajalalamika. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na hili nabishana nalo karibu kila wiki, na ndugu wa wagonjwa na hata na wenzangu.

Hoja wanayonijibu nayo ni ileile: tusubiri tuone, huenda asipate shida ya kufunga choo. Kwa dawa nyingine ningekubali. Dawa hizi za maumivu, pamoja na kutuliza ubongo, hushika pia kuta za utumbo na kuupunguzia ile misukumo yake ya kusogeza chakula. Kinyesi kinakaa utumbo mpana muda mrefu, maji yanaendelea kufyonzwa, kinabaki kikavu na kigumu. Halafu mwili haulizoei jambo hili. Kichefuchefu na usingizi wa morfini huwa vinapungua baada ya siku kadhaa, lakini utumbo unaendelea kulala kwa muda wote mgonjwa anapoitumia. Kusubiri, basi, ni kusubiri kitu ambacho tunajua kinakuja.

Chukua kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Hospitali nyingi huku kwetu, vyuma vya upasuaji visipopatikana, mguu unavutwa kwa kamba na uzito, na mtu analala chali kwa wiki kadhaa. Siku ya kwanza anapewa morfini, kisha tramadoli. Kwa kuwa amepoteza damu, anaongezewa na vidonge vya kuongeza damu, ambavyo navyo vinafunga choo. Halafu anaacha kunywa maji. Hili haliandikwi kwenye faili popote, ila sisi wauguzi tunaliona: akinywa atakojoa, akila atahitaji bedpani, na bedpani maana yake ni kumwita sista au kumwomba shemeji yake amsaidie mbele ya vitanda vya watu wengine. Anaona afadhali akae na njaa.

Siku ya tatu ukimwuliza kwenye raundi, kundi zima la madaktari limemzunguka, anasema yuko vizuri. Siku ya tano tumbo limejaa na uji unamshinda. Siku ya sita au ya saba anaanza kuharisha: maji kidogokidogo yanachafua shuka, bila yeye kujua. Hapa ndipo watu wanapokosea vibaya. Ndugu wanafurahi kwamba tumbo limefunguka, au mtu anaandika dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe kuna donge gumu limeziba njia ya haja kubwa, na hayo maji yanapenya pembeni yake. Mgonjwa wa kitandani aliyekaa siku nyingi bila choo kisha akaharisha majimaji, achunguzwe kwa kidole chenye glavu kwanza. Donge likiwepo, dawa ya kuzuia kuhara itamzidishia.

Sasa turudi siku ile ya kwanza. Dawa ya choo ninayoisema ni kidonge cha bisakodili cha miligramu 5, kimoja au viwili kwa mtu mzima, kinamezwa usiku. Kinachukua kama saa 6 hadi 12 kufanya kazi, kwa hiyo ukikimeza saa tatu usiku kinakukuta asubuhi, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Mtu akinywa chai au uji baada ya kulala usiku kucha, tumbo likijaa linauamsha utumbo mpana. Bedpani iletwe nusu saa hivi baada ya kifungua kinywa, iletwe hata kama hajaiomba. Kidonge kisisagwe wala kisimezwe na maziwa, maana ganda lake litayeyuka tumboni kabla ya kufika utumboni na litamletea msokoto. Sena inafanya kazi kwa namna hiyohiyo. Laktulosi ni nzuri pia, ila inaweza kuchukua hadi siku mbili, kwa hiyo usiitegemee kumwokoa mtu leo.

Na bedpani yenyewe ina namna yake. Kujisaidia ukiwa umelala chali ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima wa afya, maana njia ya haja imejikunja na uzito wa mwili hausaidii kitu. Aliyevutwa mguu anaweza kuinuliwa kichwa cha kitanda kadiri daktari wa mifupa anavyoruhusu, akunje ule mguu usiovunjika, ashike chuma kilicho juu ya kitanda na kujinyanyua ili bedpani iingie bila kumburuza. Pazia lifungwe. Kama hakuna pazia, kanga mbili na ndugu wawili wa kuzishika zinatosha. Anayeruhusiwa kushuka asipewe bedpani kabisa. Asaidiwe hadi chooni au kwenye kiti chenye tundu, miguu ikikanyaga chini. Nimeona wagonjwa wakiitwa wagumu wa choo, kumbe kilichowafunga ni macho ya watu.

Kuhusu mapapai nitasema kwa upole, maana mama zetu wanayaleta kwa mapenzi. Papai, maembe, mchicha na maharage vinasaidia mtu anayekunywa maji na kujigeuza kitandani. Peke yake papai haliishindi morfini. Na ukimlundikia mtu asiyekunywa maji makapi mengi, pumba au dona tupu, unaongeza mzigo kwenye utumbo uliosimama. Kwanza maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, isipokuwa mgonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiwango chake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni chupa ya chai ya sanamaki inayoingia wodini chini ya kanga. Sanamaki ni sena hiyohiyo, tofauti ni kwamba hakuna anayejua kikombe kile kina nguvu kiasi gani. Mgonjwa aliyekwisha pewa vidonge usiku akinywa na hiyo, ataharisha hadi aishiwe maji na chumvi mwilini. Sikatazi, nasema mniambie. Maji ya sabuni ya kupiga bomba, hayo nakataa moja kwa moja. Yanaunguza utando wa ndani.

Kuna hali moja ambayo hata mimi naweka vidonge pembeni: tumbo limevimba na linauma, mgonjwa anatapika, na hata hewa ya tumboni haitoki. Huyo utumbo unaweza kuwa umeziba au umesimama kabisa, na dawa ya kuusukuma inaweza kumdhuru. Usimpe kitu, mwite daktari saa hiyohiyo.

Asiye na dalili hizo, muuguzi amwulize kila asubuhi, kwa sauti ya chini na akiwa peke yake, lini alipata choo mara ya mwisho na kilikuwaje, kisha aandike tarehe kwenye chati pamoja na presha na joto. Zikipita siku 2 bila kitu, dozi ya dawa ya choo iongezwe au kiwekwe kidonge cha njia ya haja kubwa, ambacho hufanya kazi ndani ya saa moja hivi. Na anaporuhusiwa kwenda nyumbani na tramadoli, dawa ya choo iwe kwenye mfuko uleule. Ataiacha baada ya kuacha tramadoli, choo kikisharudi kama alivyozoea.