Hotuba bila "wao" bado ina meno

Jumapili jioni kijana wa jirani alibisha hodi akiwa na karatasi mbili mkononi. Anamwandikia hotuba mgombea mmoja wa wadi yetu hapa Eastlands, na mimi nilitakiwa "kuilainisha kidogo". Sentensi iliyonichefua ni hii: "Soko hili ni letu. Hawa waliokuja juzi wametupora vibanda, na safari hii tutaondoa madoadoa."

Madoadoa! Mwaka wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano iliweka neno hilo kwenye orodha ya maneno ya chuki, na aliyeishi Bonde la Ufa mwaka wa 2007, watu wa makabila mengine walipoitwa hivyo na kufukuzwa, hahitaji kuelezwa kwa nini. Tazama pia sarufi yake. Mtu anang'olewa kwenye ngeli ya watu na kutupwa kwenye ngeli ya vitu, na doa kazi yake ni kufutwa.

Kijana alikuwa amejaribu mwenyewe: "Sote ni Wakenya, tuishi kwa amani sokoni." Hongera. Hapo hajalainisha chochote, ameifuta hoja yenyewe. Mgombea anadai wauzaji waliobomolewa vibanda wapewe nafasi kwanza, na dai hilo ni halali. Kosa lake ni kulipima kwa kabila.

Basi nikamuuliza: nani hasa alifanya nini? Waliokuja juzi hawakujigawia vibanda, kuna ofisi iliyogawa. Na hilo "letu" ni la akina nani? Kiswahili kina "sisi" moja tu, inayoweza kumkumbatia msikilizaji au kumfungia nje, kwa hiyo mwandishi lazima aseme ni sisi gani. Tukaandika:

"Vibanda viligawanywa bila orodha kubandikwa ukutani. Kila aliyeuza hapa kabla ya ubomoaji, awe anatoka wapi, arudishiwe nafasi yake kwanza. Ofisi iliyogawa itueleze ilitumia kigezo gani."

Dai limebaki, na hasira imebaki. Ila sasa mama wa sukumawiki ambaye jina lake ni la "kule", na aliyekuwa akiuza hapo kabla ya tingatinga kuja, anaweza kusimama mkutanoni na kupiga makofi bila kugeuka nyuma kwa hofu. Mimi hupima hivyo: namkalisha mtu wa "wao" mstari wa mbele, kisha nasoma kwa sauti.

Nakubali, shingo upande, kwamba "awe anatoka wapi" haipigiwi vigelegele kama "madoadoa". Na mgombea akishika kipaza sauti aseme "wale mnawajua" huku akikonyeza, karatasi yangu ni ya kufungia njugu.

Jumatatu kijana akanipigia. Mkubwa wake amekataa. Nikadhani ni habari ya vigelegele.

"Hapana, mzee," akasema. "Kuna mtu wetu alipata vibanda vinne, na kabla ya ubomoaji hakuwa na hata kimoja."