Kadi ya zawadi ya harusi iombe dua, isitoe nasaha

Harusi za Dar zina maneno mengi. Kabla bibi harusi hajafika ukumbini, ameshakalishwa kwenye kitchen pati akaambiwa namna ya kuishi na mume, namna ya kupokea wakwe, na namna ya kufunga mdomo. Kisha ikaja sendofu, wazee wakarudia yaleyale. Ndiyo maana inanisikitisha kufungua kadi iliyofungwa na zawadi nikakuta beti mbili za "vumilia", "heshimu" na "usinung'unike". Kadi ile itakaa kabatini miaka mingi. Kwa maoni yangu iombee nyumba heri, basi.

Kuzitofautisha dua na nasaha ni rahisi: tazama vitenzi. Katika dua, anayetenda mara nyingi ni Mola, au riziki, au zawadi yenyewe, tuseme birika: awape, ijae, lisikose. Katika nasaha, anayetakiwa kutenda ni maharusi, na mara nyingi ni mke peke yake. Ukiona shairi lako limejaa "mtunze" na "msikilize", umeshaanza kuhutubia.

Upande wa umbo, wengi wetu tukisikia shairi tunawazia tarbia: mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Ni umbo zuri, lakini beti mbili zake ni mizani 128, na kadi ya zawadi ni ndogo. Tena MC akiisomea ukumbini, muziki ukiwa haujazimwa sawasawa, mshororo mrefu humpotea msikilizaji katikati. Mimi napendekeza umbo la utenzi. Mshororo una mizani nane tu, mishororo mitatu ya kwanza inafanana vina, na wa nne unabeba kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Kina hicho cha mwisho ndicho kinachozifunga beti mbili zikawa kitu kimoja.

Tuseme wafanyakazi wenzake bwana harusi wamechanga, wakanunua birika na vikombe Kariakoo. Ningewaandikia hivi:

Tunawapeni birika,
Lisikose kuchemka,
Mgeni akishafika
Apate chai mapema.

Mola ailinde nyumba,
Riziki iwe sambamba
Na vicheko kila chumba,
Mzeeke kwa huruma.

Ubeti wa kwanza unaanzia kwenye zawadi yenyewe, kwa sababu shairi lisilotaja kilichomo ndani ya boksi lingeweza kufungwa na zawadi yoyote. Birika lisilokosa kuchemka maana yake majani ya chai yapo, sukari ipo, gesi ipo, na watu wanapita kuwajulia hali. Ubeti wa pili ndio unaotoka jikoni ukaizunguka nyumba nzima.

Hesabu mizani kwa sikio. Neno "kuchemka" lina nne, ku-che-m-ka, kwa kuwa m iliyo mbele ya k inasimama peke yake. "Nyumba" ina mbili tu, nyu-mba, kwa kuwa hapo m na b hutamkwa pamoja. Wengi hupotea hapa: macho yanaona herufi, mdomo unatamka silabi, na mshororo unachechemea.

Kwenye vina, jihadhari na -ni. Nyumbani, jikoni, chumbani, pendaneni, ombeni: kina kinapatikana bila jasho, na msikilizaji anakijua kabla hujafika. Nyumba, sambamba na chumba hazikuazima kiambishi kimoja, kila moja ni neno lake, kwa hiyo sikio linapata kitu kipya kila mara.

Halafu wajue hao unaowaandikia. Nimeandika "Mola" kwa sababu harusi za hapa mjini huchanganya meza za Waislamu na Wakristo, na wote huitikia jina hilo. Maharusi wengi wa Dar huanzia chumba kimoja cha kupanga. Kwao "kila chumba" linaweza kuuma, basi liwe "Na vicheko kwenye chumba", mizani ni ileile. Kama mtoaji ni mmoja, "Ninawapeni birika" inatosha.

Watoto sikuwataja, na sikuwasahau. Dua ya "mpate mapacha" hupendeza siku ya harusi. Miaka ikipita bila mtoto, kadi hiyohiyo inakuwa mwiba, na aliyeiandika hatajua. Vicheko vinawatosha wenye watoto na wasio nao.

Iandike kwa mkono, kwa kalamu isiyovuja, na majina ya waliochanga yawe chini. Kisha itie ndani ya boksi juu ya birika. Usiibandike juu ya karatasi ya zawadi, maana boksi zinapopakiwa kwenye gari usiku, kadi za nje hubanduka, na maharusi hubaki na birika wasijue limetoka kwa nani.