Ombi la LinkedIn kwa aliyekusaili

"Jana nilifanyiwa usaili na watu watatu. Mmoja wao nimemwona LinkedIn. Nimtumie ombi la kuunganishwa na ujumbe mfupi, au nitaonekana najipendekeza?"

Wanaosema tuma wana hoja, na si ndogo. Msaili aliyeona watu wanane kwa siku moja hukumbuka sura mbili tatu, wengine wanabaki kuwa majina kwenye karatasi za alama. Ujumbe unaomrudisha kwenye jambo mlilozungumza humkumbusha wewe ni yupi. Tena hata kazi ukiikosa, umebaki na mtu wa fani yako anayejua unavyofikiri, na huenda mwakani akahitaji mtu kama wewe.

Wanaokataa nao wanajua wanachokisema. Mimi nimewahi kukaa kwenye jopo, na nakumbuka ombi lililoingia kabla hatujajumlisha alama. Mwombaji alikuwa mzuri. Lakini nikikubali, wenzangu wakiona wataniuliza ninamfahamu vipi. Nikikataa, nitakuwa nimempa jibu ambalo si langu peke yangu kulitoa. Nikaliacha likae. Yeye, nadhani, alisoma ukimya ule kama dalili mbaya, kumbe nilikuwa nakwepa lawama tu. Na zipo taasisi zinazowakataza wasaili kuwasiliana na waombaji nje ya utaratibu mpaka uamuzi utoke. Hapo ombi lako, hata likiwa la adabu kiasi gani, linamtia mtu majaribuni.

Kwa hiyo mimi naangalia kwanza ni nani unayemtumia. Afisa ajira aliyekupigia simu na kupanga ratiba, mtumie hata siku hiyohiyo. Kuunganishwa na watu ni sehemu ya kazi yake, na mara nyingi si yeye anayekupa alama. Mjumbe wa jopo, hasa atakayekuwa bosi wako, ningemsubiri mpaka uamuzi utoke, isipokuwa yeye mwenyewe alisema "tutafutane LinkedIn". Shukrani haihitaji kusubiri, ila njia yake ni baruapepe, ndani ya siku moja, kupitia anwani uliyoitiwa usaili. Baruapepe haimlazimu mtu kubofya ndiyo au hapana. Ombi linamlazimu.

Ukiamua kutuma, fungua wasifu wake kwenye kompyuta, bofya "Connect", kisha "Add a note". Usibofye "Connect" kwenye orodha ya watu unaoweza kuwafahamu, maana huko ombi huondoka tupu bila kukuuliza. Akaunti ya bure hukupa herufi 200 kwa ujumbe mmoja, nafasi za kati ya maneno zikihesabiwa, na idadi ya jumbe kwa mwezi ni ndogo. Ukishatuma huwezi kurekebisha, kwa hiyo andika kwanza pembeni.

Tuseme uliomba kazi ya uhasibu. Ujumbe ambao mimi ningeukubali ni huu:

"Habari. Mimi ndiye mwombaji wa nafasi ya uhasibu mliyemsaili jana saa nne. Swali lako la kufunga hesabu za mwezi kwa siku tatu lilinifunza kitu. Asante. Naomba tuunganishwe hapa."

Haufiki herufi 200. Saa na nafasi vinamwambia wewe ni nani bila kumpeleka kutafuta faili. Swali la kufunga hesabu halingeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuwa chumbani, na ndilo linaloutofautisha na zile jumbe za kunakili anazozipata kila wiki. Sasa ongeza mwishoni "natumaini majibu yatakuwa mazuri" uone unavyogeuka: shukrani imekuwa kisingizio cha kuulizia matokeo. Hali ni hiyohiyo ukijaribu kusahihisha jibu ulilokosea. Kosa analoweza kuwa amelisahau, umemkumbusha wewe.

Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: akikubali, ujumbe ule unakaa kwenye kisanduku chenu cha mazungumzo, naye anaanza kuona unachochapisha na unachokipenda. Ukichapisha kesho kwamba unatafuta kazi popote, huku kwao ulisema ndiko moyo wako ulipo, atakisoma.

Ombi likikaa wiki mbili bila jibu, liache. Wapo wanaofungua LinkedIn mara moja kwa mwezi. Ukibofya "Withdraw" hatapata taarifa, lakini hutaweza kumtumia lingine kwa muda unaofika wiki tatu, na huenda katika wiki hizo ndipo majibu yakatoka, hapo ambapo angekuwa huru kukubali.