POP au IMAP kwa mwenye simu na laptopu

“Barua pepe za ofisi naziona kwenye simu asubuhi. Nikishawasha laptopu, zinapotea kwenye simu. Nitumie POP au IMAP?”

Dalili hiyo karibu kila mara ina maana kwamba laptopu imewekwa kwa POP, ambayo pamoja na IMAP ni njia mbili za programu kuchukua barua kutoka kwenye seva. Programu inaingia kwenye seva, inapakua kila kilichopo Inbox, kisha inaiamuru seva ifute. Simu, ambayo kwa kawaida imewekwa kwa IMAP, haina nakala ya kudumu. Inaonyesha kilichopo kwenye seva, na seva imeshaachwa tupu.

Unaweza kuituliza POP kwa kuweka alama kwenye “Leave messages on server” katika programu ya barua pepe ya Thunderbird. Barua hazitapotea tena, lakini tatizo linabaki nusu. POP inajua Inbox tu. Ukimjibu mteja ukiwa kwenye daladala, jibu lako linakaa kwenye folda ya Sent ya seva, na laptopu haitaliona. Barua uliyokwisha kuisoma kwenye simu itakuja kwenye laptopu kama mpya. Ndiyo maana watu hujikuta wamemjibu mtu yuleyule mara mbili.

Kwa vifaa viwili, basi, mimi nasimama na IMAP: alama ya kusomwa, folda na majibu yote yanakaa kwenye seva, na kila kifaa kinaona hali ileile. Hata intaneti ikikatika, laptopu inaweza kubaki na nakala za kusoma.

Ila POP ina hoja moja nzito, nayo ni nafasi. Sanduku la ofisi ndogo mara nyingi hupewa GB 1 tu, na viambatisho vya MB 5 vipatavyo 200 vinatosha kulijaza. Likijaa, barua mpya zinarudishwa kwa aliyezituma, nawe huenda usipate hata taarifa. POP huondoa mzigo huo, ingawa inauhamishia kwenye laptopu moja, na ikiibiwa bila nakala ya akiba, barua zote zimekwenda nayo. IMAP nayo si akiba: ukifuta kwenye simu, umefuta kote.

Kuhama kunataka utaratibu. Usiiondoe akaunti ya POP kwanza, maana barua za zamani zimo humo. Ongeza anwani ileile kama akaunti mpya ya IMAP, seva ileile, mlango, yaani port, 993 badala ya 995, na kwenye ile ya zamani zima upakuaji wa kujiendesha. Kisha buruta barua unazozihitaji kutoka folda ya POP kwenda ya IMAP, kidogo kidogo, ukiangalia nafasi iliyobaki. Zikionekana kwenye simu, zimefika kwenye seva. Za miaka ya nyuma zenye viambatisho vikubwa zipeleke “Local Folders”, yaani folda zinazokaa kwenye laptopu yenyewe, uzinakili pia kwenye diski ya nje, ndipo uiondoe POP.