Pinda bomba, usilikate: hoja yangu dhidi ya elbo ndani ya ukuta

Ninaamini kwamba kila elbo inayofukiwa ndani ya ukuta wa bafu, mahali ambapo bomba lingeweza kupindwa, ni kazi iliyofanywa nusu. Ninasema hivyo kuhusu bomba la tabaka la milimita 16, lile lenye plastiki ndani na nje na alumini katikati, ambalo siku hizi mafundi wengi hulitumia kuteremsha maji ya moto kutoka dari hadi shawa. Bomba hili huuzwa likiwa limeviringishwa, na alumini iliyo katikati ndiyo inayolifanya likae jinsi ulivyolipinda badala ya kurudi kama mpira. Fundi analinunua bomba lenye sifa hiyo, kisha analikata kila penye kona na kuweka elbo, kana kwamba ni bomba la chuma.

Tuanze na maji yenyewe. Bomba la milimita 16 lenye ukuta wa milimita 2 lina tundu la milimita 12. Elbo yake haivalishwi kwa nje. Ina shina linaloingia ndani ya bomba, na tundu la shina hilo kwa kawaida ni milimita 8 au 9 tu. Ukipiga hesabu ya eneo, tundu la milimita 12 lina milimita za mraba 113, ilhali la milimita 8 lina 50, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya njia imezibwa. Shawa ikitoa lita 6 kwa dakika, maji hupita ndani ya bomba kwa mwendo usiofika mita 1 kwa sekunde, lakini yakifika kwenye elbo hulazimika kukimbia karibu mita 2 kwa sekunde, tena huku yakigeuka kona kali.

Kwenye nyumba yenye pampu ya nguvu huenda mtu asione tofauti. Lakini nyumba nyingi za kwetu hutegemea tangi lililo juu ya mnara mfupi au juu ya paa, na mara nyingi uso wa maji hauzidi mita 2 juu ya kichwa cha shawa. Kwa mtiririko huo wa lita 6, elbo moja ya namna hii huweza kula msukumo sawa na kimo cha maji cha sentimita 20 hivi, wakati mpindo mpana wa bomba lenyewe hula sentimita chache tu. Elbo 5 njiani ni takriban mita 1, yaani nusu ya kila ulichokuwa nacho. Mwenye nyumba atalalamika kwamba hita ni mbovu au kichwa cha shawa kimeziba, na fundi atakayekuja baadaye atabadilisha vyote viwili bila kupata nafuu.

Hoja ya pili ni uvujaji, nayo haihitaji maneno mengi. Elbo moja ina miungio 2, na kila mwungio hutegemea mipira miembamba iliyo kwenye shina, mdomo wa bomba uliosafishwa vizuri, na koleo la kubania lililoshika sawasawa. Mpindo hauna mwungio hata mmoja.

Kwa nini basi mafundi hupenda elbo? Nimefanya kazi hii miaka mingi na ninaona sababu kubwa ni mfereji wa ukutani. Mchimbaji huuchimba kwa kona ya mraba, na elbo hukaa ndani yake bila shida, ilhali bomba lililopindwa hukataa kuingia. Dawa yake ni ndogo, ila inabidi ifanyike kabla ya kukata bomba. Kwa mkono mtupu, bomba la milimita 16 halipaswi kupindwa kwa nusu kipenyo kilicho chini ya mara 5 ya unene wake, yaani milimita 80. Kwa springi ya kupindia, ile inayozuia bomba lisibonyee, linaweza kushuka hadi mara 4, yaani milimita 64. Ukipinda nyuzi 90 kwa nusu kipenyo cha milimita 80, katikati ya mpindo bomba hupita takriban milimita 33 ndani ya pale ambapo kona ya mraba ingekuwa. Kwa hiyo ile pembe ya tofali iliyobaki upande wa ndani wa kona ndiyo inayozuia. Igonge kwa tindo hadi iwe mviringo, na bomba litalala lenyewe bila kulazimishwa.

Vipimo navyo vina namna yake, kwa kuwa bomba lililopindwa hukata kona na hivyo huhitaji urefu mdogo kuliko jumla ya pande mbili. Chukua mfano wa bomba linaloshuka kutoka dari milimita 2,000 hadi kwenye kona, kisha linakwenda mlalo milimita 1,200 hadi kwenye shawa, vipimo vyote vikichukuliwa katikati ya bomba. Jumla ni 3,200. Mpindo huanza milimita 80 kabla ya kona, kwa hiyo weka alama ya kwanza kwenye 1,920. Upinde wenyewe ni nusu kipenyo mara 1.57, ambayo ni milimita 126, hivyo alama ya pili inakaa kwenye 2,046. Baada ya hapo zimebaki 1,120 za upande wa mlalo, na urefu kamili unakuwa 3,166. Umeokoa milimita 34 za bomba, jambo dogo. Kubwa ni kwamba mpindo umeangukia mahali pake, na huhitaji kulivuta au kulisukuma bomba ili lifike.

Hata hivyo ninashauri upinde kwanza na kukata mwisho, hasa kwa springi ya ndani, ambayo huingizwa kwa mdomo wa bomba na hufaa mpindo ulio karibu na mwisho. Kwa mpindo ulio katikati ya bomba refu, tumia springi ya nje, inayovalishwa juu ya bomba na kusogezwa hadi kwenye alama. Katikati ya springi iwe katikati ya mpindo. Shika bomba mikono ikiwa mbali, wala si karibu na mpindo, kisha pinda polepole ukiigawa nguvu kwenye urefu wote ulio kati ya alama mbili. Wanaoharibu bomba ni wale wanaoliweka gotini na kulivuta kwa nguvu mahali pamoja, kwa sababu pale goti linapogusa ndipo bomba hubonyea. Pitisha kidogo nyuzi 90, maana bomba likiachiwa hurudi nyuma kiasi. Mashine ya kupindia yenye gurudumu hutoa mpindo mkali zaidi na unaofanana kila mara, nami ningeipendelea kwa fundi mwenye vyumba vingi vya kufanya. Kwa bafu moja springi inatosha kabisa.

Acha kipande kilichonyooka kati ya mpindo na fitingi yoyote. Mimi huacha sentimita 10 hivi. Na usipinde bomba ambalo tayari limebanwa kwenye fitingi, kwa kuwa nguvu ya kupinda hulegeza mwungio na kuegemeza shina upande mmoja wa mpira. Uvujaji wa namna hiyo huweza kujificha siku ya majaribio na kujitokeza baada ya maji ya moto kupita huko kwa miezi.

Sasa tuzungumzie bomba lililovunjika kona, jambo ambalo wengi hulichukulia kirahisi. Dalili yake huonekana upande wa ndani wa mpindo: mstari mweupe kwenye plastiki, au mkunjo mdogo ambao kidole kikipita juu yake hukwama. Wakati mwingine hakuna mkunjo, ila bomba limekuwa bapa, nawe utalijua kwa kulipima kwa kalipa upande huu na upande wa pili. Njia yangu ya uhakika ni kudondosha gololi ya chuma ya milimita 10 ndani ya bomba kabla halijaungwa. Isipotokea upande wa pili, mpindo huo haufai. Fundi asijaribu kulinyoosha bomba hilo. Kwa nje litaonekana limepona, lakini alumini iliyojikunja huwa imedhoofika au kupasuka, na gundi inayoishikanisha na plastiki huweza kuwa imeachia. Kipande hicho hukatwa na kutupwa, hata kama maana yake ni kuweka mwungio ambao ulikusudia kuukwepa.

Shaba ina tabia nyingine, nayo ni lazima kuijua kwa sababu kwenye nyumba zenye hita ya jua kipande cha kwanza kinachotoka kwenye hita kinafaa kiwe cha shaba. Bomba la tabaka kwa kawaida huwekewa ukomo wa nyuzi joto 95, na hita iliyokaa juani kutwa bila maji kutumika huweza kuupita. Bomba la shaba la milimita 15 hupindwa kwa springi ya ndani kwa namna ileile, lakini shaba hukakamaa kadiri unavyoipinda. Ukikosea pembe, ukainyoosha na kuipinda tena palepale, utahisi mkono unakataa, na hapo ndipo inapoanza kutoa makunyanzi au kupasuka. Shaba iliyoviringishwa ni laini na hupindika. Ile ya fito zilizonyooka huwa ngumu zaidi, na baadhi yake haipindiki kabisa mpaka ichomwe kwa moto hadi iwe nyekundu hafifu kisha iachwe ipoe. Springi nayo hunasa ndani ya shaba. Ili kuitoa, pinda kupita pembe unayoitaka, rudisha kidogo, kisha izungushe springi kuelekea upande unaoikaza ili ipungue unene wakati unaivuta. Kama mpindo uko mbali na mdomo wa bomba, funga waya imara kwenye kitundu cha springi kabla ya kuiingiza.

Kuna mahali ambapo elbo ni halali. Nyuma ya bomba la shawa, ambapo ukuta wa sentimita 15 hauna nafasi ya mpindo wa milimita 64, ile elbo ya ukutani yenye masikio ya skrubu ndiyo inayofaa, na hata hivyo inatakiwa kuwapo kwa kuwa ndiyo inayolishika bomba la shawa lisicheze. Kwenye bomba la milimita 26 na kuendelea, mkono na springi mara nyingi havitoshi. Inahitajika mashine ya kupindia, na fundi asiyekuwa nayo afadhali aweke elbo yenye tundu kubwa kuliko kubahatisha. Lakini kwa milimita 16 na 20, katika mfereji wa ukutani au chini ya sakafu, sijaona sababu ya kulikata bomba kwa ajili ya kona ambayo tindo ingeiondoa kwa dakika chache.